Mama Kaleta Majibu ya Maabara, na Msomi wa Nyumba ni Wewe

Wanachuo wenzangu mnaotokea Buguruni, Temeke, Kinondoni na kwingineko, hii mnaijua. Unarudi nyumbani wikiendi, hujakaa hata dakika kumi, unakabidhiwa bahasha ya kaki. "Mwanangu, hebu nisomee haya majibu, wewe si ndo upo chuo?" Haijalishi unasoma sheria au uhasibu. Ndani kuna karatasi ya maabara yenye safu za namba, herufi H na L hapa na pale, na mistari miwili ya mwandiko wa daktari chini. Mzee keshaonana na daktari. Kaambiwa mengi yako sawa, mawili tutayaangalia, foleni nyuma yake ilikuwa ndefu, akashukuru, akatoka. Sasa anataka kujua maana yake kwa lugha ya nyumbani.

Kazi hiyo inaonekana ndogo, lakini mzee atafanya jambo kwa neno lako. Akikusikia vibaya upande mmoja, wiki ijayo kaacha kula wali, kaacha na dawa ya presha kwa sababu "zinaua figo". Akikusikia vibaya upande wa pili, anaona kapona, miezi mitatu ya kurudia kipimo inapita, na ile dawa ya magoti anaendelea kuinunua kama karanga. Mimi nasoma sayansi ya maabara, kwa hiyo nitaanza na karatasi yenyewe. Maneno ya kumwambia mzee yatakuja yenyewe ukishaielewa.

Tuchukue karatasi moja ya mfano. Mwenye nayo ni mama wa miaka 67, anakaa Buguruni Malapa. Ana presha ya miaka kadhaa, anameza amlodipini kila asubuhi, na magoti yanamsumbua. Mwilini ni mwembamba, hajisikii mgonjwa. Alipima kwa sababu kliniki ya presha walimwambia apime. Wekundu wa damu ni 12.6, uko ndani ya mipaka. Chembe sahani ziko sawa, ini liko sawa, mafuta ya kwenye damu yako sawa, mkojo hauna sukari wala protini. Chembe nyeupe za damu ni 3.6, na mashine imeweka herufi L, kwa sababu mipaka iliyochapishwa ni 4.0 hadi 10.0. Sukari kabla ya kula ni 6.4, ina herufi H. Kreatinini ni 92, mipaka ni 45 hadi 97, haina herufi yoyote. Chini yake kuna mstari umeandikwa eGFR 59.

Daktari kaandika chini: sukari irudiwe, figo zirudiwe baada ya miezi 3. Hayo ndiyo mawili ya kuangalia.

Umeona kitu hapo? Karatasi ina herufi mbili, na mambo ya kuangalia ni mawili, lakini si yaleyale. Moja la kuangalia halina herufi, na herufi moja haina la kuangalia. Mtu anayesoma karatasi kwa kutafuta H na L peke yake atamtisha mama kwa chembe nyeupe na atazipita figo bila kuzigusa.

Herufi hizi haziwekwi na daktari. Mashine inalinganisha namba ya mama na mipaka iliyowekwa, ikitoka nje inaweka alama, basi. Na mipaka yenyewe kwa vipimo vingi imepatikana hivi: wanapimwa watu wenye afya, majibu yanapangwa kuanzia dogo hadi kubwa, inachukuliwa asilimia 95 ya katikati, na asilimia 5 ya pembeni inaachwa nje. Yaani kwa ufafanuzi wake, katika kila watu 20 wazima, mmoja atapewa alama. Sasa mpime mtu mzima wa afya vitu 20 kwa mpigo. Kama vipimo havitegemeani, nafasi ya kutoka bila alama hata moja ni 0.95 kuzidishwa kwa yenyewe mara 20, ambayo ni kama 0.36. Kwa hiyo karibu watu 64 kati ya 100 wenye afya watarudi nyumbani na alama angalau moja. Karatasi safi kabisa ndiyo ya kushangaza.

Kwa chembe nyeupe kuna jambo la ziada. Mipaka inayokuja na mashine nyingi imetokana na watu wa Ulaya na Marekani. Watu wengi wenye asili ya Afrika wana chembe nyeupe chache zaidi zinazoonekana kwenye damu inayozunguka, na hawaugui zaidi kwa sababu hiyo. Inahusiana na sifa ya kurithi ya chembe nyekundu, ileile inayowakinga watu wengi wa Afrika dhidi ya aina moja ya malaria iitwayo vivaksi. Ndiyo maana watafiti waliwahi kuwapima watu wazima wenye afya mkoani Mbeya ili kupata mipaka ya huku kwetu, wakachapisha matokeo mwaka 2008. Mama ambaye hana homa, haugui mara kwa mara, na chembe zake nyingine ziko sawa, akiwa na 3.6 daktari anaiangalia na kuiacha. Mama yetu hapaswi hata kuisikia kama habari. Akiuliza hiyo L ni nini, mjibu kwamba mashine imepimwa kwa watu wa kwingine, na daktari kaiona akaridhika.

Sasa figo, ambazo hazina herufi.

Kreatinini ni taka inayotoka kwenye misuli. Misuli inaitoa kila siku kwa kiasi kinachokaribiana, inaingia kwenye damu, figo zinaitoa kwa mkojo. Fikiria mtaa wa Buguruni wenye mkokoteni mmoja wa kuzoa taka. Kila nyumba inatoa taka zake, mkokoteni unapita, rundo linabaki dogo. Mkokoteni ukipunguza safari, rundo linakua. Maabara haiwezi kuuona mkokoteni. Inapima rundo, halafu inakisia safari.

Hapo ndipo mama mwembamba anapotudanganya bila kujua. Nyumba yenye watu wawili inatoa taka kidogo kuliko nyumba ya wapangaji kumi. Mama wa miaka 67 ana misuli michache kuliko kijana anayebeba magunia sokoni. Kijana huyo akiwa na kreatinini 92, figo zake zinachapa kazi vizuri tu. Mama akiwa na 92 ileile, maana yake rundo ni kubwa kwa nyumba ndogo, kwa hiyo mkokoteni umepunguza safari. Ndiyo sababu maabara inachukua kreatinini, inatia umri na jinsia kwenye fomula, inapata eGFR, yaani makadirio ya damu inayochujwa kwa dakika. Kwa fomula ya mwaka 2021 inayotumika sehemu nyingi, kijana wa kiume wa miaka 22 mwenye 92 anapata zaidi ya 100. Mama wa miaka 67 anapata 59. Mipaka ya 45 hadi 97 imechapishwa kwa wanawake wote, wa miaka 20 na wa miaka 70, ndiyo maana mashine haikuweka alama.

59 ni mbaya kiasi gani? Mstari ambao madaktari wanautumia ni 60. Lakini ili mtu aambiwe ana ugonjwa sugu wa figo, lazima namba ikae chini ya 60 kwa zaidi ya miezi 3, au kuwe na dalili nyingine ya uharibifu, kama protini kwenye mkojo. Kipimo kimoja hakitoshi. Figo pia zinazeeka kama magoti. Baada ya miaka 40 namba hii inashuka kidogo kidogo kwa watu wengi hata wasio na ugonjwa. Tena kreatinini inapandishwa na mambo ya kupita: mama kula nyama nyingi jana yake, kuja na kiu kwa sababu alifunga mpaka maji, kuharisha wiki hiyo, au kumeza dawa fulani.

Hiyo dawa fulani ndiyo yenye uzito kwenye karatasi hii. Magoti ya mama yanatulizwa na diklofenaki, ambayo kitaa kila mtu anaijua na kila mtu anamshauri mwenzake. Diklofenaki na ibuprofeni zinapunguza damu inayoingia kwenye figo. Kijana akimeza siku mbili kwa jino, mwili unahimili. Mtu wa miaka 67 mwenye presha anayemeza wiki hadi wiki ni mwingine kabisa, maana dawa hizo hizo zinapandisha na presha, na presha ndiyo inayokula figo taratibu. Daktari kule kliniki huenda hakuambiwa, kwa sababu mama alipoulizwa anatumia dawa gani alitaja ya presha. Ya magoti kwake si dawa, ni "kidonge cha kutuliza". Kwa hiyo kabla hujaeleza chochote kuhusu 59, uliza: "Mama, ukiumwa magoti unameza nini? Nioneshe." Usiulize kama anatumia dawa nyingine, atasema hapana kwa moyo safi. Uliza na miti shamba kwa namna hiyohiyo.

Jambo la pili ni sukari, na hapa namba ni rahisi ila neno ni gumu.

Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, sukari ya kabla ya kula ikiwa chini ya 6.1 iko sawa. Kuanzia 7.0 na kuendelea ni kisukari, na kwa mtu asiye na dalili lazima irudiwe siku nyingine ndipo ithibitishwe. Katikati, 6.1 hadi 6.9, ni eneo la kuangalia. Mama ana 6.4. Hana kisukari, lakini nafasi yake ya kukipata ni kubwa kuliko ya mwenye 5.2. Wengine wanakaa hapo miaka, wengine wanashuka, wengine wanavuka.

Kabla ya kuiamini 6.4, kuna swali la asubuhi ile. Kabla ya kula maana yake saa nane au zaidi bila kitu isipokuwa maji. Wazee wetu wengi wanajibu hivi: "Sikula kitu, nilikunywa chai tu." Chai yenye vijiko vitatu vya sukari ni chakula kamili kwa kipimo hiki, na 6.4 baada ya chai hiyo ni habari nyingine kabisa, tena nzuri. Kosa la upande wa pili lipo pia: damu ikikaa muda mrefu kwenye kichupa cha kawaida bila kutenganishwa, hasa kwenye joto letu, chembe zenyewe zinaendelea kuila sukari na jibu linashuka. Ndiyo maana kuna kichupa maalumu chenye kizuizi, na ndiyo maana kurudia kwenye maabara inayopima hapohapo kuna faida.

Daktari anaweza pia kuagiza HbA1c, kipimo kinachoonesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu iliyopita, ambacho hakihitaji kufunga. Kinafaa, ila kwa mtu mwenye selimundu au upungufu mkubwa wa damu kinaweza kudanganya. Kama kwenye ukoo kuna selimundu, itajeni kabla ya kupima.

Kama jirani ana mashine ya kidole inayosoma 115 na mama kasikia, mtulize. Hiyo ni sukari ileile kwa kipimo kingine: gawanya kwa 18, unapata 6.4.

Sasa maneno. Kiswahili chetu cha mtaani kina mtego ambao wanafunzi wa afya hatufundishwi darasani: jina la kitu kinachopimwa ndilo jina la ugonjwa. "Ana presha" maana yake anaumwa. "Ana sukari" maana yake anaumwa. Kila binadamu aliye hai ana presha na ana sukari, lakini mzee akisikia "sukari yako ni 6.4" anasikia "una sukari", na kichwani kwake anamwona jirani aliyekatwa mguu. Kwa hiyo usianze na neno sukari likiwa peke yake. Anza na ugonjwa na uukanushe kwa jina: "Kisukari huna." Halafu ndipo useme kiasi cha sukari kwenye damu kimepanda kidogo.

Neno "kawaida" nalo lina pande mbili. Karatasi ikisema majibu ni ya kawaida, sisi tunaelewa yako sawa. Mzee anaweza kuelewa ana ugonjwa wa kawaida, ule wa kila mtu. "Hawajaona kitu" ni mbaya zaidi. Mwingine anasikia kwamba wameshindwa kuujua ugonjwa, na ela ya vipimo imeenda bure. Sema "viko sawa" na uvitaje: damu inatosha, ini liko sawa, mafuta yako sawa, mkojo msafi. Mzee aliyekaa foleni tangu alfajiri anastahili kusikia kila kiungo kwa jina lake. Dakika mbili unazotumia hapo si za kupoteza, ndizo zinazompa nguvu ya kusikiliza yale mawili.

Kwenye figo, usiseme "zinafanya kazi asilimia 59". eGFR si asilimia, na masikio ya mzee yatageuza kuwa figo nusu zimekufa. Hata neno "figo" peke yake mtaani linamaanisha mashine ya kusafishia damu pale Muhimbili. Tumia mkokoteni wa taka, au kama yeye ni mtu wa jikoni, tumia chujio la tui: bado linachuja, tui linatoka safi, ila linachukua muda zaidi kuliko lilipokuwa jipya.

Kwa sukari, watu wa mabondeni wana kipimo chao tayari. Anayekaa Buguruni upande wa Bonde la Msimbazi anajua kusoma maji ya mvua. Yakiwa mtaroni, unalala. Yakifika ngazini, hujahama, ila hulali hivihivi, unapandisha vitu juu ya meza. Yakivuka kizingiti, hiyo ni kesi nyingine. Chini ya 6.1 ni mtaroni, 7.0 ni kizingiti. Mama yuko ngazini.

Mazungumzo yenyewe yanaweza kwenda hivi. Mama kakaa kwenye mkeka, radio imezimwa, umemwamkia, umeishika karatasi mahali anapoiona.

"Mama, kwanza nikutoe wasiwasi. Daktari kapima vitu vingi na karibu vyote viko sawa. Damu yako inatosha, ini halina neno, mafuta yako sawa, mkojo msafi. Kuna viwili anataka tuviangalie. Si ugonjwa leo, ni vya kuangalia."

"Viwili gani?"

"Cha kwanza, kisukari huna. Ila kiasi cha sukari kwenye damu kimepanda kidogo. Ni kama maji yamefika ngazini, ndani hayajaingia."

"Kwa hiyo nisile wali tena?"

"Unakula, mama. Wali nusu ya unaopakua sasa, mboga na maharage viongezeke. Na chai, vile vijiko vitatu tuanze kushuka, kiwe kimoja."

"Haya. Na cha pili?"

"Figo zinachuja, ila taratibu kidogo kuliko zamani. Kwa umri wako si ajabu. Daktari anataka azipime tena baada ya miezi mitatu ajue zimetulia au zinashuka. Lakini mama, hebu nioneshe kile kidonge cha magoti."

Ukisikiliza vizuri, mtoto kataja namba ngapi? Hakuna hata moja ya maabara. Kataja nusu, kimoja, na miezi mitatu, yaani zile tu ambazo mama anaweza kuzifanyia kazi. Namba za maabara zinabaki kwenye karatasi kwa ajili ya daktari.

Kuhusu kidonge, usikinyang'anye. Magoti yanauma kweli. Kinachofaa ni kusimama kukimeza mpaka daktari aambiwe, na kumuuliza cha kutuliza kwa sasa. Mara nyingi paracetamoli kwa kipimo sahihi ndiyo ya kuanza nayo kwa mtu wa hali hii. Sema kwa sauti, tena mara mbili, kwamba dawa ya presha haiachwi. Mzee akishaambiwa kidonge kimoja si kizuri kwa figo, anaunganisha vyote kwenye kapu moja, na ile amlodipini ndiyo inayozilinda hizo figo kwa kushusha presha.

Wali uwe nusu, si sifuri. Nimeona wazee wakisikia "punguza" wanahamia kwenye uji mtupu na majani, wanapungua kilo, wanaanza kuanguka. Mama mwembamba hana mwili wa kupoteza. Kwake yeye kinachosaidia zaidi ni kuondoa sukari ya kunywa, kwenye chai, soda na juisi, na kutembea kila siku kadiri magoti yanavyoruhusu, hata kama ni kwenda sokoni na kurudi mara moja zaidi.

Halafu usimuulize "umeelewa?" Hakuna mzee atakayemwambia mtoto wake hajaelewa. Muulize swali la kweli: "Shangazi akipiga simu jioni kuuliza majibu, utamwambiaje?" Mama wa mfano wetu anaweza kujibu: "Nitamwambia sina kisukari, ila figo moja imechoka." Hilo ndilo ulilokuwa unalitafuta. Hukusema figo moja, lakini ndivyo ilivyoingia. Rudi kwenye chujio: "Zote mbili zinafanya kazi, mama, zote zimepunguza mwendo kidogo kwa pamoja." Muulize tena. Ikibidi mara tatu, iwe mara tatu. Habari atakayompa shangazi ndiyo itakayozunguka ukoo mzima mpaka Mbagala, na ndiyo atakayoiamini yeye mwenyewe kesho asubuhi wewe ukiwa umerudi hosteli.

Mwandikie kwa herufi kubwa nyuma ya bahasha: chai kijiko kimoja, kidonge cha magoti nisimeze mpaka nimuone daktari, dawa ya presha kila siku, kurudi kupima, na tarehe. Kama hasomi, mwandikie mjukuu anayekaa naye. Mueleze pia yasiyosubiri tarehe: kiu isiyoisha na kukojoa mara nyingi usiku, miguu au uso kuvimba, mkojo kupungua sana, kutapika kusikokoma. Akiona mojawapo, anakwenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Amepita miaka 60, umri ambao Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mtu kuwa mzee, kwa hiyo kwenye vituo vya serikali aulizie dirisha la wazee kabla ya kupanga foleni kubwa.

Siku ya kurudia ina maandalizi yake. Usiku wake asile nyama nyingi. Asubuhi asinywe chai, ila maji anywe, tena ya kutosha. Wazee wengi wakiambiwa wafunge wanafunga kama Ramadhani, wanafika na kiu, na kreatinini inapanda kwa sababu hiyo tu. Dawa ya presha anameza kwa maji kama kawaida, isipokuwa daktari kasema vingine. Aombe na mkojo upimwe protini kwa kipimo cha maabara chenye uwiano wa albumini na kreatinini kama kipo, maana kile kijiti cha kuchovya kinaweza kukosa protini kidogo ya mwanzoni. Ikiwezekana aende maabara ileile, kwa sababu mashine mbili tofauti zinaweza kutoa namba mbili tofauti kwa damu moja. Karatasi ya zamani aende nayo.

Na akirudi na karatasi ya pili, ziweke mbili sambamba kabla ya kusema neno. 59 ikiwa 57 au 62, kwa kipimo hiki ni mahali palepale, mama hajapona wala hajazidiwa, na mwambie hivyo. Ikiwa 48, hapo kuna mwendo wa kushuka, bahasha isilale nyumbani. Sukari ikiwa 5.9 safari hii na chai haikunywewa, muulize ana vijiko vingapi sasa.